Barua za sabuni zinazoishia kwenye Spam: kosa ni bango, si neno "bure"

*"Assalaam aleykum mtaalamu. Sisi ni kina mama wanane, tuko Wete, tunatengeneza sabuni ya mwani. Niliandika barua pepe kwa hoteli 160 za Unguja, Dar es Salaam na Arusha kutoka domeini yetu mpya. Alojibu ni mmoja tu, meneja wa manunuzi wa hoteli ya Unguja, akanambia barua kaikuta kwenye Spam. Kijana wetu akanishauri neno 'bure' nilikate kwa nukta na mada nianze na 'Re:'. Nimetuma tena, sasa hata huyo mmoja hajibu. Kuna orodha ya maneno nisiyoyatumia? Nakala ya barua nimeambatisha."*
*Msomaji, Wete, Pemba*

Waaleykum salaam, dada yangu. Orodha za maneno ya hatari zimejaa mitandaoni, na nakuomba usizitafute. Zitakupotezea muda kama zilivyompotezea kijana wenu. Ahsante kwa kukubali kumwomba yule meneja akupe vichwa vya barua yako ya kwanza, yaani yale maelezo ya kiufundi ambayo seva huyaandika juu ya barua, maana humo ndimo lilimo jibu. Seva ya hoteli yao iliandika hivi:

```
X-Spam-Status: Yes, score=5.4 required=5.0
  tests=BAYES_60,HTML_IMAGE_ONLY_08,
  MIME_HTML_ONLY,SUBJ_ALL_CAPS
```

Hii ni kazi ya SpamAssassin, chujio linalotumika kwenye seva nyingi za kukodi, zikiwemo hizi zinazosimamiwa kwa ukurasa wa cPanel, ambazo hoteli zetu nyingi ndogo zinazo. Linafanya kazi kwa kujumlisha. Kila kasoro ina alama zake, jumla ikifika mpaka, barua inatupwa kando. Mpaka wa kawaida ni 5.0, na mwenye seva anaweza kuushusha au kuupandisha. Wewe umepata 5.4. Umeuvuka mpaka kwa 0.4 tu, kwa hiyo kasoro moja kubwa ingeondoka, barua ingeingia.

Sasa itazame hiyo mistari. Limo neno "bure"? Halimo. Kanuni za SpamAssassin zinazotafuta maneno na misemo zimeandikwa zaidi kwa Kiingereza, na barua ya Kiswahili inapita pembeni yake. Kinachosoma Kiswahili humo ni hicho kinachoitwa BAYES, sehemu inayojifunza kutokana na barua za seva ile ile: zipi zilihesabiwa taka, zipi si taka. BAYES_60 maana yake ni kwamba, kwa ilivyojifunza, barua yako imefanana na taka kwa uwezekano wa kati ya asilimia 60 na 80. Na inapima mchanganyiko wa maneno yote, haivizii neno moja. Ukimwambia mtu "nitawaletea vipande viwili bure mvijaribu" ndani ya barua iliyotulia, hakuna tatizo. "Bure" ikikaa pamoja na "OFA KABAMBE", "usikose", "leo tu", "wahi sasa" na "mpendwa mteja", hapo sura nzima inakuwa ya taka.

Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Chujio nalo limejifunza hivyo hivyo kwa kuona mamilioni ya barua: anayepiga kelele ndiye anayejitembeza.

Mistari mitatu iliyobaki yote ni ya umbo la barua, na hapo ndipo nataka tukae.

SUBJ_ALL_CAPS ni mada yako: "OFA MAALUM!!! SABUNI ZA MWANI KWA HOTELI YAKO". Herufi zote kubwa. Hili halina mjadala, andika mada kama unavyoandika sentensi.

HTML_IMAGE_ONLY_08 ndiyo kubwa kuliko zote. Barua yako ni bango. Juu kuna mstari mmoja wa salamu, chini jina na namba ya simu, na katikati picha moja ya 1.8 MB yenye kila kitu: aina za sabuni, bei, picha ya mwani umeanikwa, hata anwani. Mtu anaiona barua iliyojaa. Chujio linaona picha moja na maneno kiduchu; hiyo 08 mwishoni inaeleza kwamba maneno yaliyosomeka hayakuvuka herufi 800 au karibu na hapo. Sababu ya kuliogopa bango ni ya zamani. Watumaji taka walipoona maneno yao yanakamatwa, waliyaficha ndani ya picha. Tangu hapo barua yenye picha kubwa na maneno machache inatiliwa shaka hata kama ndani ya picha mna salamu za Idi.

Naujua mchezo huu kwa macho yangu. Miaka kadhaa nilitunza seva ya barua ya hoteli moja upande wa mashariki wa Unguja. Siku moja nilikaa na afisa wao wa manunuzi, tukaifungua folda yake ya Spam tutafute ankara iliyopotea. Tulipita barua nyingi sana za wauzaji wetu wenyewe wa hapa hapa, wa samaki, wa mboga, wa mashuka, na karibu zote zilikuwa mabango. Watu wanatengeneza bango zuri la WhatsApp, na kwenye WhatsApp linafanya kazi vizuri kabisa, kisha wanalibandika lile lile kwenye barua pepe. Yule afisa hakuwahi kuyaona. Iliniuma, kwa sababu mboga za mmoja wao zilikuwa ndizo alizokuwa akizitafuta mwezi mzima.

MIME_HTML_ONLY inahitaji maelezo kidogo. Barua pepe ya kawaida inasafiri na nakala mbili ndani ya bahasha moja: moja ya maandishi matupu, nyingine yenye mapambo, rangi na picha. Programu za kawaida za barua zinaziweka zote mbili bila wewe kujua. Ile programu ya kutuma kwa mpigo uliyoitumia kwenye kompyuta iliweka ya mapambo peke yake. Ni alama ya uvivu wa zana za taka, na chujio linaihesabu. Dawa ni nyepesi mno: hizi barua za kujitambulisha andika kwa mkono kutoka Roundcube, ukurasa wa barua wa hapo hapo kwenye cPanel yenu, na kwenye "Editor type" chagua "Plain text". Hakuna rangi, hakuna picha, hakuna kilichonakiliwa kutoka Word na vikolombwezo vyake vya siri. Kwa barua ya kwanza kwa mtu asiyekujua, huhitaji zaidi ya hapo.

Sasa barua ya pili, ile ya ushauri wa kijana. Simlaumu, ushauri huu unazunguka sana, ila umeidhuru barua kuliko lile bango. "B.U.R.E" si neno tena kwa chujio wala kwa meneja. Ni ujanja wa kujificha, na kujificha kwenyewe ndiko kunakotafutwa. Mtu mkweli hana sababu ya kukata neno lake vipande. Nimeona pia kwenye nakala yako ya pili neno "OFA" limeandikwa kwa zile herufi nene za mapambo, za kunakili kutoka kwenye tovuti za kupambia majina ya Instagram. Kwa macho ni O, F na A. Kwa kompyuta si herufi zetu kabisa, ni alama za hesabu zilizofanana nazo. Watumaji taka wanazipenda kwa sababu hiyo hiyo. Zitoe zote.

Na "Re:" ni uongo, dada yangu, hata kama hukukusudia. Inamwambia meneja kwamba tayari mlikuwa mkizungumza. Google katika miongozo yao kwa watumaji wanakataza waziwazi kuweka "Re:" au "Fwd:" kwenye mada ya barua ambayo si jibu wala haikupelekwa mbele. Tena barua ya jibu halisi hubeba ndani yake kumbukumbu ya ile inayoijibu, yako haikubeba, basi chujio linaugundua uongo kwa urahisi. Mbaya zaidi ni binadamu: meneja anafungua akidhani ni mazungumzo, anakuta tangazo, anabonyeza kitufe cha kuripoti taka. Nadhani ndicho kilichotokea kwa baadhi yao.

Kuna jambo halikutokea kwenye ile mistari minne lakini lipo kwenye barua. Chini ya bango umeandika anwani ya tovuti yenu, lakini mtu akibonyeza anapelekwa kwanza bit.ly, kisha kwenye katalogi. Maandishi yanasema pengine, linki inakwenda kwengine. Hivyo ndivyo wezi wa nywila wanavyofanya, na machujio yanalinganisha vitu hivyo viwili. Halafu linki iliyofupishwa inakufanya ushiriki jina na kila mtu duniani anayetumia huduma ile, wema na wabaya. Weka linki moja tu, ya domeini yenu wenyewe, iandikwe nzima kama ilivyo. Namba ya WhatsApp iandike kama namba, atakayetaka ataipiga. Ile PDF ya bei usiiambatishe kwenye barua ya kwanza. Akiiomba, mpelekee, na wakati huo itakuwa kiambatisho ndani ya jibu, jambo la kawaida kabisa.

Barua yenyewe mimi ningeiandika hivi:

> Mada: Sabuni ya mwani ya gramu 30 kwa vyumba vya wageni
>
> Assalaam aleykum Bwana (jina lake),
>
> Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama wanane wa Wete, Pemba. Tunatengeneza sabuni ya mwani na mafuta ya nazi. Nimepiga simu mapokezi jana, nikaambiwa manunuzi ya vyumba ni juu yako.
>
> Tuna kipande cha gramu 30 cha kuweka chumbani, kimefungwa kwa karatasi, bila plastiki. Kwa mwezi tunaweza kutoa vipande 2,000. Mzigo tunaupandisha meli, tunaukabidhi Malindi.
>
> Naweza kukuletea vipande vitano uvijaribu, bila malipo. Nivilete hotelini au afisini mjini?
>
> Kama hamhitaji, nijibu "hapana" tu, sitaandika tena.
>
> (Jina lako, jina la kikundi, namba ya simu, anwani ya tovuti)

Idadi ya vipande na uzito badilisha uweke za kweli zenu. Angalia kwamba "bila malipo" imo ndani na haijaleta madhara, kwa sababu inaeleza kitu mahsusi kwa mtu mahsusi. Barua ina swali moja linalojibika kwa maneno mawili. Hilo la kujibika lina uzito kuliko linavyoonekana, maana barua iliyojibiwa ni ushahidi mkubwa kwa Gmail na wenzake kwamba wewe unatakiwa. Na sentensi ya mwisho inampa mtu mlango wa kutokea usio kitufe cha kuripoti taka.

Hapa tumeingia kwenye sifa ya domeini, na lazima niwe mkweli kwako. Barua hata ikiwa nzuri, sasa inatoka kwenye jina lililochafuka kidogo. Uliniambia barua 38 kati ya 160 zilikurudia. Zile zenye `550 5.1.1` ni za anwani zisizokuwepo, meneja kaondoka, hoteli imefungwa, au mtu alikosea kunakili. Karibu robo ya orodha. Seva ikiona domeini changa inapiga hodi milango mingi isiyokuwa na nyumba, inahitimisha kwamba orodha imenunuliwa au imeokotwa. Ukazirudia zote mara ya pili, pamoja na zile zilizokwisha kurudi, na hilo ndilo lililokuharibia zaidi. Anwani ikirudi kwa `5.1.1`, ifute siku hiyo hiyo.

Pima uzito wa malalamiko pia. Google wanataka kiwango cha watu wanaoripoti taka kikae chini ya asilimia 0.1, na kisifike kamwe 0.3. Wewe umetuma barua 160. Mmoja tu akibonyeza, umeshafika asilimia 0.6. Kwa mtumaji mdogo hesabu hiyo si ya haki sana, na Gmail hawakuhukumu kwa barua moja, lakini inakuonesha kwa nini kila barua inayokwenda kwa mtu asiyehusika inakugharimu.

Kabla ya kuandika barua nyengine yoyote, hakikisha utambulisho wa domeini. Ingia cPanel, fungua ukurasa wa "Email Deliverability". Hapo utaona SPF na DKIM. SPF inataja seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina lenu. DKIM ni muhuri unaothibitisha kwamba barua imetoka kwenu na haikuchezewa njiani. Penye kasoro patakuwa na kitufe cha "Repair", na kwa kawaida kinatosha kama DNS yenu, yaani daftari la mipangilio ya domeini, iko hapo hapo. SPF iwe mstari mmoja tu. Ukikuta miwili, seva nyingine zitaikataa yote. Kisha ongeza DMARC kwenye DNS, mstari unaoziambia seva zifanye nini na barua isiyothibitishwa na SPF wala DKIM:

```
_dmarc   TXT   "v=DMARC1; p=none"
```

Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanadai kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na anayetuma barua nyingi, kwa Gmail kuanzia 5,000 kwa siku, awe na zote tatu. Wewe hufiki huko, lakini domeini changa isiyo na muhuri haina cha kujitetea. Ukimaliza, jitumie barua kwenye Gmail, bonyeza vile vidoti vitatu, chagua "Show original". Juu utaona SPF, DKIM na DMARC, kila moja iandikwe PASS. Tuma pia nakala moja kwa anwani inayotolewa na mail-tester.com, watakupa alama kati ya 10 na kukuonesha kanuni za SpamAssassin ulizozigusa. Ukomo wa vipimo hivi ni kwamba vinaona barua na seva tu, havijui watu walizifanyaje barua zako za nyuma. Unaweza kupata 10 na bado ukaingia Spam kwa wiki kadhaa.

Na usinunue domeini mpya kukimbia. Domeini ya jana haina sifa nzuri wala mbaya, na hilo peke yake linatiliwa shaka. Ile ya kwanza bado inatengenezeka.

Kwa wiki mbili usiwaandikie wageni kabisa. Itumie anwani ya kikundi kwa mambo ya kawaida, na wale mnaofanya nao kazi, wauza mafuta ya nazi, wapiga chapa, maduka yanayochukua sabuni zenu. Barua ziende na zirudi. Yule meneja mmoja mpigie simu, mwombe radhi kwa ile ya pili, na umwombe akiikuta barua yako kwenye Spam abonyeze "Not spam" kisha akujibu. Yeye ni wa thamani, kwa sababu BAYES ya seva yao inaweza kujifunza kutoka kwake.

Baada ya hapo chukua hoteli tano kwa siku, si zaidi. Kila moja ipigie kwanza, uliza nani anashughulikia manunuzi na barua yake ni ipi, mwambie utamwandikia leo. Najua vocha inakwenda, lakini sisi watu wa visiwani tuna bahati hii, hoteli nyingi simu inapokelewa na mtu. Mtu anayeisubiri barua huitafuta hata ikipotelea Spam. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki kwa kujibu barua yako mwenyewe iliyotangulia, na hapo "Re:" itakuja yenyewe na itakuwa ya kweli. Akikaa kimya tena, mwache.

Utajuaje kama mambo yanakaa sawa? Barua zinazorudi ziwe chache mno, moja moja kwa wiki. Majibu yaanze kuja, hata ya "hapana". Na kila baada ya hoteli kumi, mwulize mmoja kwa simu barua kaikuta wapi. Wawili mfululizo wakisema Spam, simama, omba vichwa vya barua kama ulivyofanya kwa yule wa mwanzo, uvisome mstari kwa mstari. Ukivikuta vyote safi na barua bado zinatupwa, huenda kwenye seva mliyokodi mnachangia anwani ya IP, ile namba inayoitambulisha seva mtandaoni, na mpangaji mwenzenu anayetuma taka. Hapo waandikie waliowakodisha, waambieni wawahamishie seva nyengine, na vichwa hivyo vya barua waambatishieni.